Insha Zikikaribiana: Jinsi Nafasi Zinavyopangwa na Sare Zinavyoamuliwa

Tangu matokeo ya mashindano ya insha ya shule za upili yatangazwe, dawati letu hapa Nairobi limepokea malalamiko mengi kutoka kwa wazazi na walimu, na mengi yanarudia swali moja: imekuwaje insha iliyopata alama 73 ikawa ya pili, ilhali iliyopata 73.5 ikawa ya tatu? Swali hilo ni halali na linastahili jibu kamili. Nitalijibu kwa kufuata insha tatu hadi mwisho, nikizitaja kwa namba zake za siri, yaani 014, 022 na 037, kwa kuwa hata waamuzi walizijua kwa namba hizo tu.

Uzito wa vigezo ulichapishwa katika mwaliko kabla ya insha yoyote kupokelewa: hoja 40, lugha 25, muundo 20 na ubunifu 15. Waamuzi hutoa alama kati ya 0 na 10 kwa kila kigezo, alama hiyo huzidishwa kwa uzito wa kigezo, kisha hugawanywa kwa 10. Insha ya 022 ilipata 7 katika hoja, 9 katika lugha, 7 katika muundo na 6 katika ubunifu, ambazo ni 28, 22.5, 14 na 9, jumla 73.5. Insha ya 037 ilipata 8, 6, 8 na 7 kwa mpangilio huohuo, jumla 73.5 vilevile. Insha ya 014 ilipata 8, 6, 7 na 8, jumla 73. Hivyo ndivyo karatasi ya kwanza ilivyosomeka: sare moja kileleni, na insha ya tatu ikiwa nyuma kwa nusu alama.

Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha, na kwamba kilichobaki ni kutafuta njia ya kuitenganisha ile sare. La hasha. Jambo la kwanza ambalo meza ya uamuzi hulitazama ni kama jumla hizo zimepimwa kwa uzito tuliouahidi, kwa sababu uzito ulioandikwa kwenye mwaliko na uzito unaofanya kazi katika kupanga nafasi si lazima viwe kitu kimoja. Tazama hoja: alama zilikuwa 8, 7 na 8, kwa hiyo pengo kubwa kabisa lilikuwa la alama moja, ambayo baada ya uzito ni alama 4. Tazama lugha: zilikuwa 6, 9 na 6, pengo la alama tatu, ambalo baada ya uzito ni alama 7.5. Tulisema hoja ina uzito wa 40 na lugha 25, lakini kati ya insha hizi tatu lugha ndiyo iliyosukuma nafasi karibu mara mbili ya hoja. Kigezo ambacho kila mshindani amepewa alama ileile hakipangi mtu yeyote, hata kikipewa uzito wa 90.

Chanzo chake kinajulikana kwa yeyote aliyewahi kusahihisha. Makosa ya lugha yanaonekana na yanahesabika, kwa hiyo mwamuzi hutumia ngazi yote ya alama bila hofu. Hoja hazihesabiki kwa urahisi, na mwamuzi akiwa na shaka hujificha katikati, akitoa 7 kwa huyu na 8 kwa yule. Insha zenyewe nazo huchangia. Mada ilikuwa uhaba wa maji mtaani, na nilikuwa na insha kadhaa mezani zilizoanza na jua lilelile likichomoza, ndege walewale wakiimba na mtoto yuleyule akibeba mtungi mtupu. Naomba nisisitize kwa walimu, kwa kuwa tumelisema hili mara nyingi mno: mwamuzi hahesabu methali, wala aya ya kufungulia iliyokaririwa darasani haimwongezei mwanafunzi alama. Inachofanya ni kuifanya insha yake ifanane na nyingine nyingi.

Dawa yake si kubadili uzito baada ya kuona insha. Mtu akishasoma kazi za washindani, kila badiliko la uzito ni kumchagua mshindi, hata akiwa na nia safi. Tunachofanya ni kusoma upya kile kigezo kizito kwa ngazi iliyo laini zaidi. Insha zote zilizo karibu na nafasi za tuzo hupigwa chapa ili mwandiko usimvutie wala kumkera msomaji, kisha hupewa waamuzi wawili wasioziona alama za kwanza. Wao husoma hoja peke yake, wanaruhusiwa kutoa nusu alama, na wanaongozwa na maswali matatu: je, mwandishi ameonyesha chanzo au dalili tu, je, ana ushahidi anaoweza kuusimamia, na je, amelikabili pingamizi ambalo msomaji makini angelitoa?

Insha ya 037 ilipanda hadi 8.5. Mwandishi wake alihesabu mitungi ya nyumbani kwao: sita ya lita 20 kwa siku, kila mmoja ukinunuliwa kwa mwenye mkokoteni kwa shilingi 20, yaani shilingi 120 kwa siku na 3,600 kwa siku 30. Kisha akaeleza kwamba mtungi uleule kwenye kioski cha maji ni shilingi 5, hivyo familia ingelipa 900 tu, na akajiuliza mwenyewe kwa nini basi mama yake haendi kioskini. Jibu lake lilikuwa foleni na umbali, na kutokana na hapo akajenga hoja kwamba mtaani kwao shida si maji kukosekana tu bali pia mahali yanapouzwa. Insha ya 014 ilibaki 8: ilieleza vizuri bomba linalovuja kando ya barabara kwa wiki kadhaa, lakini haikumjibu anayesema kwamba hata bomba likizibwa maji hayatatosha. Insha ya 022 ilibaki 7. Kiswahili chake kilikuwa cha kupendeza kuliko zote, ila aya zake zingeweza kuhamishiwa mtaa wowote, mji wowote, bila kubadilisha neno.

Jumla mpya zikawa 75.5 kwa 037, 73.5 kwa 022 na 73 kwa 014. Wa kwanza alikuwa wazi. Swali likabaki kwa nafasi ya pili, na ndilo lililoleta malalamiko.

Kanuni yetu, ambayo nayo ilichapishwa mapema, ni kwamba insha zinazotofautiana kwa chini ya alama moja zinahesabiwa kuwa sare. Mzazi mmoja aliniambia kwa simu kwamba nusu alama ni nusu alama. Kwa hesabu, ndiyo. Kwa kipimo, hapana. Mpe mwamuzi mzuri insha ileile asubuhi na tena baada ya wiki moja, bila kumkumbusha alama alizotoa, na si ajabu atofautiane na nafsi yake kwa alama moja au mbili kati ya 100. Ngazi inayotikisika kiasi hicho haiwezi kututhibitishia kwamba 73.5 ni bora kuliko 73, na kujifanya kwamba inaweza ni kumtunuku mtu kwa bahati. Mpaka huo hupimwa kuanzia insha iliyo juu kabisa katika kundi la sare. Tukiruhusu kila insha ijishike kwenye iliyo mbele yake, kundi litakuwa mnyororo, na insha ya alama 70 itajikuta sare na ya 73.5 kupitia majirani.

Ndani ya sare tunatazama kwanza kigezo chenye uzito mkubwa. Katika hoja, 014 ilikuwa na 8 na 022 ilikuwa na 7, kwa hiyo 014 ikawa ya pili na 022 ya tatu. Kama zingelingana katika hoja tungeshuka kwenye lugha, halafu muundo, kisha ubunifu. Kama zingelingana kote, waamuzi watatu wangezisoma mbili hizo sambamba na kila mmoja angesema ipi bora, bila kutoa alama. Njia hiyo ya mwisho hutenganisha vizuri insha mbili. Zikiwa tatu, yawezekana ya kwanza ikaishinda ya pili, ya pili ikaishinda ya tatu, na ya tatu ikaishinda ya kwanza, jambo ambalo Mfaransa Condorcet alilionyesha kwa hesabu za kura tangu 1785. Likitokea, nafasi hugawanywa. Watatu walioshika nafasi ya pili kwa pamoja hugawana tuzo ya pili na ya tatu, kwa mfano shilingi 20,000 na 10,000 kila mmoja akipata 10,000, na anayefuata huitwa wa tano, si wa tatu.

Kuna njia za kuamua sare ambazo hatutumii na hatutatumia: insha iliyofika mapema, jina linalotangulia kwa alfabeti, umri mdogo, kaunti ambayo haijawahi kushinda, wala insha ndefu zaidi. Nilipokuwa mwamuzi mchanga niliketi kwenye meza moja ambako sare iliamuliwa kwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Mwanafunzi aliyeshindwa alikuwa wa shule ya mbali na barua yake ilichelewa njiani. Hoja yake ilikuwa bora, na kila mmoja mezani alijua.

Jumla hazikadiriwi kuwa namba kamili kabla ya nafasi kupangwa, kwa kuwa 73.5 na 73 zingegeuka 74 na 73, pengo la alama moja kamili, na kuvunja sare iliyokuwepo. Adhabu hutolewa kabla ya sare kutazamwa. Kikomo kilikuwa maneno 500: kila maneno 50 yaliyozidi, au sehemu yake, hukatwa alama moja katika jumla, na insha iliyozidi maneno 600 haisomwi. Insha yenye jina la mwanafunzi au la shule mahali popote ndani ya maandishi huondolewa, hata kama jina limeandikwa kwa bahati mbaya ndani ya masimulizi, kwa sababu usiri ukishavunjwa hauwezi kurejeshwa.

Rufaa hupokelewa kwa maandishi ndani ya siku 14 za matokeo, bila ada, kupitia kwa mwalimu mkuu. Barua itaje namba ya siri ya insha na kigezo kinacholalamikiwa. Barua inayosema tu kwamba mtoto alistahili kushinda itarudishwa. Insha itasomwa na mwamuzi ambaye hakuigusa awali, alama za kigezo hicho zinaweza kupanda au kushuka, na alama zikibadilika kundi zima la sare hupangwa upya. Rufaa kuhusu 022 imeshapokelewa na itasomwa kwa utaratibu huohuo, na shule zote tatu zitapewa nakala za karatasi zao za alama, za usomaji wa kwanza na wa pili.