Kugawa madumu 100 ya mafuta kwa matawi matatu

Mzigo unapokuwa pungufu, wafanyabiashara wengi ninaowasaidia hukimbilia kugawa bidhaa kwa kufuata oda za matawi. Shida ni kwamba msimamizi wa tawi akishasikia kuwa mafuta ya kula yameadimika, huagiza madumu 80 ili angalau apate 40, na mwenzake aliyeagiza kiasi anachokihitaji kweli huambulia kidogo. Kwa hiyo oda ninaziweka pembeni na kufungua leja.

Leja nayo ina mtego wake. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara mwenye ghala hapa Dodoma mjini na matawi Majengo, Kibaigwa na Kondoa, aliyepokea madumu 100 tu ya lita 20. Katika siku 14 zilizopita Majengo iliuza madumu 84, Kibaigwa 40 na Kondoa 28, kwa hiyo mgao wa kufuata mauzo ungekuwa 55, 26 na 19. Unaonekana wa haki, mpaka utakaposoma kadi ya stoo ya Kibaigwa siku kwa siku na kukuta kwamba kwa siku 4 hapakuwa na dumu hata moja. Madumu yale 40 yaliuzwa kwa siku 10, yaani 4 kwa siku, wakati wastani wa siku 14 unakuonyesha hayafiki 3. Tawi lililoishiwa huonekana halina wateja, likapewa kidogo, likaishiwa tena.

Kisha naangalia kilichopo dukani. Majengo ina madumu 30, Kondoa 40, Kibaigwa haina kitu. Ninachosawazisha ni siku ambazo kila tawi litaweza kuuza kabla ya kuishiwa, wala si idadi ya madumu. Kondoa huuza 2 kwa siku, hivyo akiba yake inatosha siku 20, nami naitoa kwenye hesabu. Majengo huuza 6, na ukijumlisha na 4 za Kibaigwa unapata 10 kwa siku. Madumu 100 mapya na 30 ya Majengo yanatosha siku 13. Majengo inahitaji 78, inapewa 48. Kibaigwa inapewa 52. Kwa mgao ule wa mauzo, Kibaigwa ingeishiwa siku ya saba, huku Kondoa ikikalia akiba ya siku 29, na kuirudisha kungekuwa gharama nyingine ya usafiri.

Hata hivyo sipakii yote 100 kwa mara moja. Nabakiza 20 ghalani, 10 kutoka kila fungu, kwa sababu kasi ya siku 10 inaweza kudanganya, hasa Kibaigwa, ambako biashara hupanda na kushuka na soko la mahindi. Nakagua pia risiti kubwa: kama katika yale madumu 40 ya Kibaigwa mchuuzi mmoja alibeba 12 ya kuhodhi, kasi halisi ya tawi ni 2.8 kwa siku. Baada ya siku 5 nasoma kadi upya, ndipo yale 20 yanapopangiwa safari.