Kwa nini 28 ni namba kamilifu

Namba huitwa kamilifu pale vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vinapojumlishwa vikaizaa namba ileile. Ndogo kuliko zote ni 6: inagawanyika kwa 1, 2 na 3, na 1 + 2 + 3 = 6.

Kwa 28 natafuta vigawo kwa jozi, maana anayeviokota kimojakimoja ni rahisi kuacha kimojawapo. 1 × 28. 2 × 14. Tatu inaacha baki. 4 × 7. Tano nayo inaacha baki, na hapo naishia, kwa sababu 6 × 6 ni 36, imeshaipita 28. Katika kila jozi kimoja lazima kiwe chini ya 6, na hivyo vya chini tumeshavipima vyote. Sasa iondoe 28 yenyewe, ujumlishe vilivyobaki: 1 + 2 + 4 + 7 + 14 = 28. Ukipata 56, basi hukuiondoa.

Wengi huishia hapo, lakini utamu hasa uko katika kuvipanga vigawo hivyo safu mbili:

```
1   2   4
7   14
```

Safu ya juu ni 1 ikiongezwa maradufu, na jumla yake ni 7. Safu ya chini ni 7 moja na 7 mbili, yaani 7 tatu. Ile jumla ya juu inaleta 7 ya nne, na 7 × 4 ndiyo 28. Sita imejengwa vivyo hivyo: 1 + 2 ni 3, na 3 × 2 ni 6.

Njia hii iliandikwa na Euklidi wa Aleksandria, takriban mwaka 300 KK. Anza na 1, endelea kuongeza maradufu, jumlisha. Jumla ikiwa namba tasa, izidishe kwa namba ya mwisho uliyojumlisha.

Sharti la namba tasa si pambo. Endelea hatua moja: 1 + 2 + 4 + 8 = 15, na 15 × 8 = 120. Lakini 15 si tasa. Inagawanyika kwa 3 na 5, nazo zinaingia na vigawo vingine vinavyotokana nazo, kama 6, 10, 12 na 40, ambavyo havimo katika safu zetu mbili. Jumla ya vigawo vya 120, ukiiacha yenyewe, inafika 240, mara mbili ya inavyotakiwa. Hatua inayofuata inanyooka: 1 + 2 + 4 + 8 + 16 = 31, ambayo ni tasa, na 31 × 16 = 496.

Katika karne ya 18 Leonhard Euler alithibitisha kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa hutoka kwa njia hiyohiyo. Kwa upande wa witiri, hadi leo hakuna aliyepata hata moja, wala aliyethibitisha kwamba haipo.