Kutembeza leso Lamu: biashara inayoamuliwa dakani

Ninauza leso kwa jumla mtaa wa Langoni, na sehemu kubwa ya mzigo wangu huchukuliwa na vijana na akina mama wanaoutembeza nyumba kwa nyumba. Kabla sijamkabidhi mchuuzi mpya doti hata moja, humpeleka kwanza asimame katika daka, yaani sehemu ya mbele ya mlango wa nyumba mojawapo ya mtaa wa Mkomani, ajifunze mahali pa kuweka miguu yake, kwa sababu nyumba za mji wa kale zimejengwa kwa namna ambayo humwelekeza mgeni wapi anakoma. Kuna daka lenye baraza za mawe pande mbili, kisha mlango, na nyuma ya mlango kuna tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, iliyopindwa makusudi ili anayepita njiani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Mchuuzi ni mtu wa dakani, hata akiwa amezoeleka kwa miaka.

Mbinu ya kwanza ni ile ile adabu tuliyofundishwa chuoni tuliposoma Kurani. Mchuuzi husimama kando ya mlango, kulia au kushoto, asiukabili ukiwa wazi, halafu hutoa salamu na kupiga hodi. Asipojibiwa, husubiri muda wa kutosha mtu kushuka ngazi au kujitanda, kisha hurudia. Hodi ya tatu ikikosa jibu, huondoka bila kuchungulia wala kubisha zaidi, kwani walio ndani huenda wamemsikia na hawataki kujibu. Akiulizwa "Nani?", asijibu "Mimi", ataje jina lake, ataje kwamba ameleta leso, na kama kuna mtu anayejulikana mtaani aliyemwelekeza, amtaje hapo hapo. Lamu swali linalofuata mara nyingi huwa ni la nyumba uliyotoka na watu wako, na mchuuzi aliyetoka mbali hana budi kupita kwanza kwa mzee wa mtaa akajulikane, akiwa na kitambulisho na leseni yake ya kuchuuza.

Wakati nao una uzito wake. Asubuhi, kazi za nyumbani zikishapungua na kabla sufuria ya chakula cha mchana haijapanda jikoni, huwa ni nafasi nzuri. Baada ya alasiri ni nzuri zaidi. Adhuhuri watu hupumzika, na Ijumaa mchana sioni sababu ya kutoka kabisa. Magharibi ikikaribia, mzigo hufungwa hata kama kuna mteja anayeita, kwa sababu vichochoro huingia giza mapema kuliko ufukweni, na mchuuzi wakati huo huwa amebeba fedha ya siku nzima.

Upande wa usalama, hatari ninayoihofia zaidi kuliko wizi ni ile ya kuvuka kizingiti. Kijana wa kiume akiingia katika nyumba yenye wanawake peke yao, lolote litakalosemwa baadaye hataweza kulikanusha, awe amekosa au hakukosa. Kwa mchuuzi wa kike hatari ni nyingine: sauti ya mwanamume humwambia aingie tu, mwenye nyumba yuko ndani. Kanuni niliyowapa ni kwamba asisogee mpaka aisikie sauti ya mwanamke ikimjibu yeye mwenyewe, na asipoisikia aseme atarudi, kisha aondoke papo hapo bila mjadala. Nyumba zilizogeuzwa kuwa za kulaza wageni tunazipita, kwa kuwa anayefungua mlango huko mara nyingi si mwenye uamuzi. Na punda mwenye shehena ya mchanga akitokea katika kichochoro chembamba, mchuuzi hupanda katika daka lililo karibu pamoja na furushi lake, kwani punda hajui kukwepa leso.

Kwa kuwa mteja hatoki na mchuuzi haingii, ni bidhaa inayoingia, na hapo ndipo uaminifu unapojengwa au unapobomoka. Mtoto au msichana wa nyumba huja kuchukua leso akamwonyeshe mama. Mchuuzi asimkabidhi mtoto chochote kabla hajasikia ruhusa ya mtu mzima, na anapokabidhi huhesabu kwa sauti inayofika ndani: "Zinaingia doti nne." Huandika katika daftari rangi na jina la kila doti, naye akirudishiwa huhesabu tena kwa sauti ile ile. Anayehesabu wakati wa kurudishiwa tu huonekana anashuku watu, ilhali anayehesabu pande zote mbili huonekana ana utaratibu.

Jina la leso lisomwe kabla halijaingia ndani. Majina mengine ni mafumbo ya kuchokozana, na mchuuzi akiyapeleka katika nyumba mbili zilizokosana atadhaniwa ametumwa, hata kama hajui lolote la ugomvi huo. Mzigo wa kutembeza nyumba kwa nyumba ninaupakia majina ya dua, shukrani na mapenzi ya mama. Yale makali nayaacha dukani, mwenye kuyataka aje kuyachagua kwa mkono wake.

Suala la mkopo halikwepeki, kwa hiyo nalieleza kwa hesabu. Tuseme doti moja imemgharimu mchuuzi shilingi 650 na anaiuza 900. Mteja mpya akitaka kulipa kwa mafungu, malipo ya kwanza yawe 400, na 500 zilizobaki zilipwe kwa mafungu mawili ya 250, kila wiki moja. Baada ya malipo ya kwanza, mtaji wa mchuuzi ulioko nje ni 250 tu. Fungu la pili huurudisha wote, na la mwisho ndilo faida. Mteja hapewi doti ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza, hata akiwa mwungwana kiasi gani. Leso huuzwa jozi ikiwa haijakatwa, basi tunakubaliana wazi kwamba isikatwe wala kupindwa kabla malipo ya kwanza hayajatolewa, kwa sababu ikishakatwa haiuziki tena kwa mwingine.

Malipo ya M-Pesa yathibitishwe mlangoni. Ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mteja hautoshi, na ujumbe uliofika kwenye simu ya mchuuzi kutoka namba ya kawaida ni wa kughushi. Wa kweli huja ukiwa na jina MPESA, na salio hutazamwa kwa *334# kabla leso haijaachwa. Mchuuzi anaweza kusema kwa upole kwamba mtandao ni mzito na kwamba anasubiri, naye aketi barazani asubiri kweli.

Dalili ya deni linaloharibika ni mtoto anayetumwa mlangoni kusema mama hayuko, siku ile ile iliyopangwa, mara ya pili mfululizo. Hapo mchuuzi asitaje deni, kwa kuwa kichochoro kizima kinasikia, na mtu aliyeaibishwa hulipa kwa chuki au halipi kabisa. Huacha salamu na kusema atapita Jumatatu baada ya alasiri. Jumatatu hiyo ikipita patupu, huenda kwa yule mama aliyemwelekeza katika nyumba ile tangu mwanzo, akamweleza faraghani na kumwomba aulize kama fungu lipunguzwe liwe la shilingi 100. Mume wa mdaiwa hafuatwi, si dukani wala msikitini, kwani huenda hajui kama leso ilinunuliwa.