Mahindi na Mtama Ndani ya Bia: Kinachofanyika Kiwandani na Kinachobadilika Mdomoni

Wanywaji wengi wakisikia kwamba bia wanayoipenda imepikwa kwa shayiri pamoja na mahindi au mtama, huhisi wamepunjwa. Hudhani shayiri ndiyo bia yenyewe, na nafaka nyingine imetiwa ili kujaza chupa. Hisia hiyo inaeleweka, lakini haiendani na jinsi bia nyepesi ya rangi ya dhahabu inavyotengenezwa. Sehemu kubwa ya bia za laga zinazouzwa kwa wingi duniani hupikwa hivyo, na kuzipika vizuri ni kazi ngumu kuliko kupika bia ya shayiri peke yake.

Tuanze na kazi ya shayiri. Mpishi wa bia hatumii shayiri kama ilivyotoka shambani, bali kimea chake, yaani punje zilizolowekwa, zikaota kidogo, kisha zikakaushwa. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo hamira huila na kuigeuza kileo. Kimea kizuri kina vimeng'enya vya kutosha kukata wanga wake chenyewe na wanga wa nafaka nyingine pia. Ndiyo sababu mpishi anaweza kuondoa asilimia 20 hadi 40 ya kimea, akaweka mahindi au mtama ambao haujaoteshwa, na bado akapata sukari aliyoikusudia.

Sababu za kufanya hivyo ni kadhaa, na bei ni moja tu kati yake. Shayiri hupenda baridi ya milimani. Huku kwetu hulimwa Narok na Timau nchini Kenya, Kapchorwa nchini Uganda, na nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania. Mtama hustahimili ukame wa Kitui, Makueni na Dodoma, mahali ambapo shayiri ingekauka kabla ya kuchanua. Nafaka isiyooteshwa pia haina gharama ya kulowekwa, kuoteshwa na kukaushwa.

Kisha kuna kodi. Uganda ilipoweka ushuru mdogo kwa bia za malighafi ya ndani, bia ya Eagle inayotumia mtama mweupe wa Epuripuri iliweza kuuzwa kwa bei ya chini, na wakulima wakapata soko. Kenya ilionyesha upande wa pili: mwaka 2013 nafuu ya ushuru kwa bia ya Senator Keg ilipopunguzwa, mauzo yake yalianguka vibaya. Nigeria ilifika mbali zaidi. Mwaka 1988 ilipiga marufuku kuingiza shayiri na kimea chake, na viwanda vikalazimika kujifunza kupika laga kwa mtama na mahindi ya nyumbani.

Sababu ya tatu ni ladha yenyewe. Wapishi wa Marekani katika karne ya 19 walikuwa na shayiri yenye protini nyingi mno, iliyotoa bia nzito iliyoingia ukungu ikipozwa. Walipochanganya mahindi au mchele, ambavyo huleta wanga lakini karibu haviongezi protini inayoyeyuka, bia ikawa nyepesi na angavu. Wanywaji waliipenda.

Sasa twende kwenye tangi. Chukua mfano wa nafaka kilo 1,000: kimea kilo 700 na chenga za mahindi kilo 300. Chenga hizi si mahindi yaliyosagwa tu. Ni lazima kiini cha punje kiwe kimeondolewa, kwa sababu ndiko mafuta yaliko. Punje nzima ya mahindi ina mafuta ya asilimia 4 hadi 5, ilhali chenga za bia hutakiwa kuwa na chini ya asilimia 1. Mafuta yakizidi huua povu, na yakikaa ghalani huchacha na kuipa bia harufu ya karatasi kuukuu.

Wanga wa shayiri hulainika karibu na nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi, joto ambalo vimeng'enya bado viko hai. Wanga wa mahindi huhitaji joto hadi nyuzi 74 hivi, na wa mtama unaweza kufika 78 au zaidi. Wanga ambao haujalainika hauguswi na vimeng'enya. Kwa hiyo mahindi hupikwa kwanza peke yake.

Kilo 300 za chenga huchanganywa na lita 1,000 za maji na kilo 35 za kimea kilichochukuliwa kutoka zile 700. Kimea hicho kidogo huuzuia uji usigande kama ugali wakati joto linapanda. Hushikiliwa karibu na nyuzi 70 kwa dakika 15, kisha huchemshwa kwa dakika 20 hadi 30. Viwanda vingi leo hutumia badala yake kimeng'enya kinachotokana na bakteria, ambacho huendelea kufanya kazi hata kwenye nyuzi 85. Kwa mtama kimeng'enya hicho karibu hakikwepeki, kwa sababu wanga wake unapolainika vyema, vimeng'enya vya kimea vimeanza kufa.

Wakati huo, kilo 665 za kimea zilizobaki zimelowekwa kwa lita 2,000 za maji kwenye tangi la pili, nyuzi 50. Uji wa mahindi ukiwa nyuzi 95 humiminwa humo, na mchanganyiko wote hutua kwenye nyuzi 65. Hapo ndipo kimeng'enya kinachotoa sukari nyepesi hufanya kazi vizuri zaidi. Usahihi wa namba hizi ndio moyo wa kazi. Kama tangi la kimea lingekuwa limeachwa lifike nyuzi 58, na uji ukamiminwa ukiwa bado unachemka, mchanganyiko ungetua kwenye nyuzi 72. Kimeng'enya hicho kingekufa ndani ya dakika chache, na bia ingetoka na kileo pungufu na utamu unaobaki ulimini. Mnywaji angelaumu mahindi, kumbe kosa ni la kipimajoto.

Baada ya saa moja hivi joto hupandishwa hadi nyuzi 72, halafu mpishi hupima kwa iodini. Tone la uji huwekwa kwenye kigae cheupe na kuongezwa tone la iodini. Likibaki rangi ya manjano au kahawia, wanga umekwisha. Likigeuka buluu iliyokolea, bado upo, na ukipita hivyo bia itakuwa na ukungu usiochujika. Mara nyingi chanzo ni chenga zilizosagwa kwa ukubwa usiolingana, au uji uliopikwa kisha ukaachwa upoe, maana wanga uliolainika ukipoa hujifunga upya na vimeng'enya haviufikii tena kwa urahisi.

Kilo hizo 1,000, kazi ikienda vizuri, hutoa takribani lita 5,900 za maji matamu yanayochujwa kutoka kwenye uji, yenye nguvu ya kutoa bia ya kileo cha karibu asilimia 5. Mahindi hayapunguzi kileo. Chenga zina wanga mwingi kiasi kwamba zikipikwa sawasawa hutoa sukari sawa na kimea au kuzidi kidogo. Kinachopungua ni kingine: naitrojeni inayoyeyuka, chakula ambacho hamira hukitegemea pamoja na sukari. Maji matamu ya kimea kitupu yanaweza kuwa na miligramu 200 zake kwa lita. Ukiondoa asilimia 30 ya kimea, unabaki na kama 140, na hapo uko karibu na mpaka. Hamira ikipungukiwa huchelewa kumaliza sukari, hutoa harufu ya yai bovu, au huacha harufu ya siagi ambayo haitakiwi kabisa kwenye laga. Mpishi mwangalifu hushikilia uji wa kimea kwenye nyuzi 50 kwa muda ili protini ikatike zaidi, huongeza zinki kidogo sana, na hujaribu kutovuka asilimia 40 ya nafaka isiyooteshwa bila msaada wa vimeng'enya vya ziada.

Mtama una jambo lake la pekee, nalo ni tanini. Mitama inayokimbiwa na ndege huwa na tanini nyingi chini ya ganda. Tanini hushikamana na vimeng'enya na kuvizima, kisha huacha ukakasi mdomoni kama wa ndizi mbichi. Ndiyo maana viwanda hudai aina zenye tanini kidogo, kama Gadam nchini Kenya au Macia nchini Tanzania. Rangi ya punje haitoshi kuamua, kwa kuwa mtama mwekundu unaweza kukosa tanini kabisa. Kipimo cha mapokezi ni kuloweka punje kwa dakika 20 hivi kwenye dawa ya kung'arishia nguo iliyotiwa sodiamu haidroksaidi. Punje zenye tanini hugeuka nyeusi, zisizo nayo hubaki nyeupe. Kemikali hiyo huunguza ngozi na macho, hivyo si ya kujaribiwa jikoni.

Unyevu nao hupimwa getini. Nafaka inayozidi asilimia 13.5 hualika kuvu, na kuvu wa mahindi huleta sumu ya aflatoksini. Kuchemsha hakuiondoi yote, kwa hiyo shehena iliyochafuka haina dawa ila kurudishwa.

Na ladha? Ukilinganisha laga ya kimea kitupu na ile ya mahindi asilimia 30, ya pili ina rangi iliyofifia, uzito mdogo ulimini, harufu ya mkate iliyopungua, na mwisho mkavu unaokatika haraka. Hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, husikika wazi zaidi kwa sababu kimea hakiifuniki. Ya mtama hukaribia hiyo, ila huwa kavu zaidi, na povu lake hudumu muda mfupi kiwango cha mtama kikiwa kikubwa.

Lakini ile harufu ya mahindi ya kuchemsha ambayo watu huitaja kama ushahidi wa mahindi ndani ya bia, kwa kawaida haitoki kwenye mahindi. Ni dimethili salfaidi, na chimbuko lake ni kimea cha rangi nyepesi kilichokaushwa kwa joto dogo. Hufukuzwa na mvuke maji matamu yanapochemshwa kwa nguvu kwa dakika 60 hadi 90, na huongezeka tena yakikaa moto muda mrefu kabla ya kupozwa. Bia ya shayiri tupu inaweza kunuka hivyo zaidi kuliko yenye mahindi.

Anayetaka kuzitofautisha mwenyewe azinywe kwenye bilauri, si chupani, zikiwa nyuzi 8 hadi 10. Bia iliyotoka kwenye barafu huficha karibu kila kitu. Na mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye utumbo wake haustahimili gluteni, asidanganyike na neno mtama kwenye lebo: maadamu kuna kimea cha shayiri ndani, gluteni ipo.