Nani kasema Mkaa Jikoni ni mjinga?

Kwenye karatasi za fasihi simulizi ninazosahihisha, sentensi moja hurudi kila muhula kama deni la dukani: "Mhusika mkuu ni mjinga lakini ana bahati." Huizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni: nani kasema ni mjinga? Wanafunzi hudhani nawachokoza. Kumbe ndilo swali lenyewe. Ukifuatilia ngano za kitinda mimba anayefaulu pale kaka zake waliposhindwa, mara nyingi utakuta neno "mjinga" halina ushahidi ndani ya matendo. Limetoka vinywani mwa ndugu zake, au kwa baba aliyechoka kuhesabu watoto.

Mfano ninaoupenda ni wa kwetu, ule wa Nunda mla watu. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekaa Unguja, aliichapisha London mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine alizosimuliwa na watu wa kisiwa hicho, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili. Sultani Majinuni ana wana saba na mtende anaoupenda kuliko kitu chochote bustanini. Kila tende zikiiva, usiku huja ndege akazila zote. Wana wakubwa wanatumwa mmoja mmoja kulinda, na mmoja mmoja wanasinzia. Anabaki wa saba, ambaye hakuna aliyefikiria kumtuma, kwa sababu shughuli yake inayojulikana ni kukaa mekoni. Katika matoleo mengine hilo ndilo jina lake: Mkaa Jikoni.

Hapo jikoni nataka tukae kidogo. Stith Thompson, Mmarekani aliyeorodhesha motifu za ngano za dunia, aliipa hali hii namba yake, L131: shujaa asiyetarajiwa ambaye makao yake ni kando ya moto. Wanorwe wana kijana wao wa majivuni, Askeladden. Warusi wana Ivan anayelala juu ya tanuri lao kubwa la matofali. Majiko ni tofauti, lakini mtu ni yule yule, na kila anayesikiliza anamtambua kabla hajafungua mdomo. Kwa Waswahili picha hii ina makali zaidi. Jikoni ni uani, ni mahali pa wanawake na watumwa, na mtoto wa kiume wa sultani aliyestahili kuketi barazani na wazee anaonekana huko amepakaa masizi. Aibu ya baba inaeleweka. Lakini jiulize anachosikia mtoto huyo siku nzima: anamsikia mama yake. Shikilia hilo, tutalirudia.

Usiku wa zamu yake anafika chini ya mtende na vitu viwili, punje za mahindi na changarawe. Akiwa macho anatafuna mahindi. Usingizi ukianza kumvuta anatia changarawe mdomoni, na akiisaga kwa meno anazinduka. Hakuna uganga hapo. Ni mtu anayejua kwamba atasinzia, na amejitayarisha. Kaka zake walikwenda wakiamini hawatasinzia. Ndege anapotua anamkamata, naye ndege anamsihi amwachilie. Mkaa Jikoni anakubali, na anapewa unyoya mmoja: akiutia kwenye moto, ndege atasikia popote alipo na kumjia.

Msomaji wa ngano za ndugu Grimm atashtuka, kwa kuwa ngano yao namba 57, ya ndege wa dhahabu, inaanza karibu vivyo hivyo. Mti wa mfalme unaibiwa matunda ya dhahabu, wana wawili wakubwa wanalala, wa tatu anakesha, unyoya unaanguka. Katika faharasa ya kimataifa ya ngano wataalamu wameipa namba ATU 550. Lakini baada ya unyoya njia zinaachana, na pale zinapoachana ndipo huruma na bahati zinapoonekana vizuri.

Katika ngano ya Kijerumani, wana wanatoka kumtafuta ndege na kukutana na mbweha njiani. Mbweha anaomba asipigwe risasi, naye atatoa ushauri: kijijini kuna nyumba mbili za wageni, usiingie ile yenye taa na nyimbo, ingia ile duni. Mkubwa anamfyatulia risasi, anamkosa, kisha anaingia kwenye nyimbo na kusahau safari. Wa pili vile vile. Mdogo hampigi, na anaishika nyumba duni. Mpaka hapo tunampenda. Tatizo ni kwamba baada ya hapo anakosea kila mahali. Anaambiwa ndege amwache kwenye kitundu cha mbao, anamtia kwenye cha dhahabu, anakamatwa. Anaambiwa farasi amfunge tandiko la kawaida, anachagua la dhahabu, anakamatwa. Anaambiwa asimruhusu binti mfalme kuwaaga wazazi, anamruhusu, anakamatwa tena. Kila mara mbweha anarudi, anamkaripia, kisha anamtoa. Tendo moja la huruma, tena dogo la kutompiga mtu risasi, limelipia ujinga wa safari nzima. Kwa kijana huyo nakubali: ana bahati, na bahati yake ina manyoya na mkia.

Mkaa Jikoni hana mbweha. Paka wa sultani anaanza kukamata ndama, na sultani anajibu wanaomlalamikia kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Jibu linabaki hilo hilo kadiri anayeliwa anavyozidi thamani, hata wanawe wanapoanza kuliwa. Mwishowe ndipo anapotamka kwamba yule si paka tena, ni Nunda. Mwenye cheo cha akili katika ngano hii ni baba, na yeye ndiye aliyechelewa kuliko wote kuona kilicho mbele yake.

Mtoto wa mekoni anatoka kumsaka. Anaua mbwa, anamburura hadi nyumbani na kuimba: mama wee, nimemuua Nunda mla watu. Mama anamjibu kwa wimbo ule ule: mwanangu, huyo siye Nunda mla watu. Anarudi porini. Mnyama wa pili ni mkubwa zaidi, wimbo ni ule ule, jibu ni lile lile. Anapitia punda milia, anapitia twiga, anafika hadi tembo. Ukihesabu kama mtu wa akili, huyu ni mpumbavu kweli: nani anaua twiga akadhani ni paka? Lakini angalia kinachotokea mwishoni. Anapomkuta Nunda mwenyewe amelala, hashangilii. Anamkagua alama moja baada ya nyingine. Mama aliniambia masikio yake madogo. Haya ni madogo. Mama aliniambia ni mpana wala si mrefu. Huyu ni mpana wala si mrefu. Ana mabaka mawili kama ngawa, haya hapa. Mkia mnene, huu mnene. Ndipo anapomshambulia. Kila aliporudi na mnyama asiye mwenyewe alikuwa akisahihishwa, na hakuna mara aliyobishana na mama kwamba twiga wake anatosha. Kaka angebishana. Kwa hiyo msaidizi wa ngano hii hamtoi mtoto shimoni kama mbweha yule. Anamwambia "siye huyo" tu, na mtoto anarudi porini.

Tofauti hii niliielewa kwa kuiharibu kwanza. Nilipokuwa mwanafunzi nilirekodi ngano hii Pumwani, kwa bibi mmoja aliyezaliwa Lamu na kuhamia Nairobi akiwa msichana. Alisimulia uani, akikuna nazi, wajukuu wakiwa wamekaa kwenye mkeka. Baada ya "Paukwa!" na "Pakawa!" hakunitazama tena. Sehemu ya mtoto aliiimba yeye. Sehemu ya mama waliiimba wajukuu, na kila mnyama aliyeletwa walizidi kupaza sauti, mpaka kwa tembo jirani akachungulia ukutani. Nilipoandika nakala, niliona wimbo unarudiwa mara saba, nikauandika mara moja na kuweka mabano: "wimbo unarudiwa". Nilijiona nadhifu. Nilichobakiza ni kisa cha mvulana anayeua wanyama wengi kisha anabahatisha aliye sahihi. Yaani nilikuwa nimemtengeneza yule mjinga mwenye bahati kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kukata marudio.

Ndiyo maana ninaposoma ngano iliyokusanywa na mtu mwingine, kwanza natafuta jaribio. Je, wakubwa walipewa jaribio lile lile alilopewa mdogo? Msimulizi aliyeharakishwa, au mhariri wa kitabu cha watoto mwenye kurasa chache, huanzia kwa mdogo moja kwa moja. Matokeo yake ukarimu wake unaonekana kama tabia nzuri ya kawaida, na zawadi inaonekana imedondoka kutoka mbinguni. Kaka wawili walioshindwa hawapo pale kujaza nafasi. Wao ndio kipimo. Bila usingizi wao, changarawe haina maana.

Halafu kuna swali la kwa nini awe wa mwisho. Mdenmark Axel Olrik aliandika mwaka 1909 kwamba katika ngano watu wakitajwa kwa mfuatano, wa kwanza hupewa heshima na wa mwisho hupewa moyo wa msikilizaji. Inatosha kumtaja wa saba baada ya sita walioshindwa, na wajukuu wa Pumwani tayari wako upande wake. Sisi wakati mwingine tunaharakia kuleta urithi na haki za vitinda mimba. Inawezekana, katika jamii zenye kumpa mkubwa kila kitu. Lakini sikumbani sana na wasimulizi wanaolia juu ya urithi. Nakumbana nao wakihesabu.

Si kila kitinda mimba anafaa kuingizwa humu. Ukikuta mdogo anayeshinda kwa kumdanganya jitu au kuwauzia kaka zake uongo, huyo ni jamaa ya Abunuwasi na Sungura, hata kama ni wa mwisho kuzaliwa na kila mtu anamwita zuzu. Mwanafunzi hufurahi akimpata kwa sababu naye ni mdogo aliyeshinda. Mwulize alimpa nani nini kabla ya kupewa, au alisikiliza neno gani ambalo wakubwa hawakulisikiliza. Asipopata jibu, tumpeleke kwenye kundi la wajanja akastarehe.

Ile nakala yangu ya Pumwani nimeiandika upya mwaka huu, kwa sauti ya kanda ile ile ambayo kwa bahati haijaota ukungu. Wimbo upo mara saba, mama na mtoto, mstari kwa mstari. Nilipompelekea mwenzangu anayetengeneza kurasa, alinipigia simu saa mbili usiku kuuliza kama kompyuta yangu ilikwama.