Kipande kimepungua milimita 3: yanayodhaniwa na yanayotokea ndani ya kenchi

Kenchi ya chuma inaunganishwa chini kabla ya kupandishwa. Kipande cha mwisho hakifiki. Tundu lake na tundu la bamba la kuungia zimepishana milimita 3. Fundi anachukua pini ya chuma iliyochongoka, anaigonga kwa nyundo mpaka matundu yanakaa sawa, kisha anaingiza bolti na kukaza. Kwa macho, kazi imekwisha. Nimewasikia mafundi na hata wahandisi wakieleza kilichotokea hapo, na maelezo mengi hayako sawa.

Tuchukue fremu moja ndogo tuipigie hesabu. Ni mstatili wenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, wenye vipande viwili vya mshazari vinavyopishana katikati bila kufungwa pamoja, kila kimoja mita 5. Jumla ni vipande sita. Kila kipande kina eneo la mkato la milimita 1000 za mraba, na moduli ya Young ya chuma, yaani kipimo cha jinsi kinavyokataa kurefuka, ni kN 200 kwa milimita ya mraba. Mshazari mmoja ndio uliokatwa ukapungua milimita 3.

Dhana: kenchi haijabeba mzigo, kwa hiyo haina nguvu ndani yake.

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi. Ni kweli kwamba maegemeo hayasikii kitu: ukipima nguvu za egemeo hutapata badiliko lolote. Lakini vipande vyenyewe vinavutana na kubanana, na katika kila kiungio nguvu zao zinafutana. Kenchi inaweza kuwa bado imelala chini kwenye magogo na tayari ina nguvu za tani kadhaa ndani yake.

Jambo hili hutokea tu pale penye kipande cha ziada. Fremu yetu ingesimama kwa mshazari mmoja. Wa pili ni wa ziada. Ungeuondoa huo wa pili, kisha ukafunga ule uliopungua milimita 3, mstatili ungeinama kidogo, upande wa juu ungesogea milimita 3.75, na hakuna kipande ambacho kingepata nguvu yoyote. Umbo lingebadilika, basi. Kwa hiyo swali la kwanza si kipande kimepungua kiasi gani, bali kama vipande vingine vinaizuia fremu isijirekebishe.

Dhana: kimepungua milimita 3, basi kimevutwa milimita 3.

Anayeamini hivi hupiga hesabu ya haraka: nguvu ni AE, yaani eneo la mkato mara moduli ya Young, mara 3 gawanya kwa 5000, anapata kN 120. Jibu hilo lingekuwa sahihi kama ncha mbili za pengo zingekuwa zimeshikwa kwenye mwamba usiotikisika. Kenchi si mwamba. Mshazari ukivutwa, fremu nzima nayo inajikunja kuufuata, na milimita zile 3 zinagawanywa kati ya vipande vyote sita.

Njia ya kupata mgawanyo huo imejulikana tangu James Clerk Maxwell alipoieleza mwaka 1864. Fikiria mshazari mfupi una nguvu ya kuvutwa ya kN 1, kisha sawazisha kila kiungio. Vipande vya mlalo vinabanwa kwa 0.8, vya wima vinabanwa kwa 0.6, na mshazari wa pili unavutwa kwa 1. Namba hizi tuziite n. Kwa kila kipande, zidisha n kwa yenyewe, kisha kwa urefu, ukijumuisha na mshazari mfupi wenyewe (huo ndio husahaulika):

```
mlalo:     2 × 0.64 × 4 =  5.12
wima:      2 × 0.36 × 3 =  2.16
mshazari:  2 × 1.00 × 5 = 10.00
jumla                   = 17.28 m

AE = 200 × 1000 = 200,000 kN
17.28 / 200,000 m = 0.0864 mm kwa kila kN
X = 3 / 0.0864 = 34.7 kN
```

Maana yake ni kwamba kila kN 1 inaziba milimita 0.0864 za pengo, kwa hiyo milimita 3 zinahitaji kN 34.7. Hiyo ndiyo nguvu ya mishazari yote miwili. Vipande vya mlalo vinabanwa kwa kN 27.8 na vya wima kwa kN 20.8. Ukitaka kuhakikisha, tazama mshazari mfupi umerefuka kiasi gani: milimita 0.87 tu. Milimita 2.13 zilizobaki zimetolewa na fremu iliyobaki. Ile hesabu ya kN 120 ilizidisha nguvu zaidi ya mara tatu.

Dhana: mshazari mmoja ukivutwa, wa pili unabanwa.

Mazoea ya upepo ndiyo yanayopotosha hapa. Upepo ukisukuma fremu kutoka upande mmoja, kweli mshazari mmoja huvutwa na mwingine hubanwa. Kwenye kasoro ya urefu sivyo. Mshazari mfupi unavuta pembe zake mbili zikaribiane, na pembe mbili nyingine zinasukumwa nje, hivyo mshazari wa pili nao unavutwa.

Geuza sasa hali: kipande kimezidi milimita 3 badala ya kupungua. Namba zinabaki zilezile, alama zinageuka, na mishazari yote miwili inabanwa kwa kN 34.7. Hapo ndipo nina hofu zaidi. Chuma cha pembe cha milimita 60 kwa 60 chenye eneo kama hilo kina kipenyo-nusu cha mzunguko cha karibu milimita 12 kwenye upande wake dhaifu. Kwa urefu wa mita 5 bila kushikwa katikati, fomula ya Euler inakipa karibu kN 11 kabla ya kupinda. Kitapinda kabla bolti haijaingia vizuri, na kuanzia hapo hesabu yetu ya mstari mnyoofu haifai tena. Kipande kilichopungua kinaweza kuvumilika mahali ambapo kilichozidi kwa kiasi hichohicho hakivumiliki.

Dhana: ongeza unene, tatizo litaisha.

Ongeza eneo la vipande vyote mara mbili, na nguvu nazo zinakuwa mara mbili, kN 69.4. Mkazo unabaki N 34.7 kwa milimita ya mraba, vilevile. Ukinenepesha ule mshazari mfupi peke yake mara mbili, nguvu inapanda mpaka kN 40.6, wenyewe unapata nafuu, lakini mshazari mwenzake unavutwa zaidi kuliko mwanzo. Dawa iko kwenye urefu: kukata kipande kipya, au kutoboa bamba jipya kwa vipimo vilivyochukuliwa palepale.

Lipo jambo moja linalopunguza nguvu hizi kuliko hesabu inavyosema. Tundu la bolti ya M20 kwa kawaida hutobolewa milimita 22, na nafasi hiyo ndogo kwenye kila ncha inaweza kumeza sehemu ya pengo. Ndiyo maana inafaa kupima kilichobaki baada ya bolti kukaa zenyewe, kabla ya pini na nyundo. Hicho ndicho cha kuingiza kwenye hesabu mahali pa 3.

Na kama kazi imeshafungwa na unashuku, kulegeza bolti ya mshazari kutakuonyesha: pengo litarudi lote, milimita 3 kamili. Ila usilegeze kabla hujaufunga mshazari huo kwa mnyororo wa kuvutia, kwa sababu unaachia nguvu sawa na uzito wa tani tatu na nusu.