Noah inaleta hesabu kila jioni, lakini mizania inasemaje?

Shemeji yangu ni mwalimu Uyole, hapa Mbeya. Mwezi uliopita alinionyesha daftari aliloandikia mali zake zote, kwa sababu alikuwa anataka kuongeza mkopo. Kurasa mbili tu: upande mmoja mali, upande wa pili madeni. Hiyo ndiyo mizania. Ukitoa madeni kwenye mali unapata utajiri wako halisi wa siku hiyo uliyoandika, na wa siku hiyo tu.

Upande wa mali alikuwa ameandika hivi: nyumba anayoishi, shilingi milioni 60, vyumba vinne vya kupangisha uani, milioni 24, Noah ya abiria, milioni 18, kiwanja Mbalizi, milioni 8, ekari moja ya parachichi Rungwe, milioni 4, akiba, milioni 1. Jumla milioni 115. Akaniuliza, "Shemeji, mtu mwenye milioni 115 anakopaje hela ya ada?" Swali zuri. Jibu limefichwa na dhana chache ambazo wengi tunazo.

Dhana: Mali huandikwa kwa bei uliyonunulia

Noah ameinunua mwaka mmoja uliopita kwa milioni 18. Lakini aliyeulizia juzi alitaja milioni 14 na nusu, na shemeji mwenyewe anakubali kwamba hapati zaidi. Basi kwenye mizania ya leo inaandikwa 14,500,000.

Upande wa madeni nako alikosea, ila kwa kujiumiza. Ili kununua Noah alikopa milioni 10 kwenye chama cha akiba na mikopo, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayopigwa juu ya salio linalopungua, kwa miaka mitatu. Rejesho ni kama 361,500 kwa mwezi. Imebaki miezi 24, akazidisha, akaandika deni la 8,676,000. Ndani ya hesabu hiyo kuna riba ya miezi ambayo haijafika. Deni la leo ni salio la mkopo, ambalo karani wa chama atakutajia ukimuuliza: kama 7,240,000. Ongeza 800,000 anazodaiwa na mwenye duka la mabati, madeni yote ni 8,040,000.

Mali 111,500,000, madeni 8,040,000, utajiri halisi 103,460,000. Bado ni mtu mwenye uwezo. Ila ada haipo.

Dhana: Gari linaloleta hesabu kila jioni linalipa

Hapa ndipo tulipokaa mpaka chai ikapoa. Noah inakwenda Uyole na Tukuyu. Dereva anajaza mafuta mwenyewe, anampa tajiri 30,000 kwa siku, kinachozidi ni chake. Ukimuuliza shemeji gari linamwingizia nini, atakwambia elfu thelathini kwa siku, yaani laki tisa kwa mwezi. Ndivyo wenye magari wengi wanavyojibu.

Tukafungua meseji za simu na kuhesabu siku ambazo hesabu ilifika kweli. Siku 250 kwa mwaka mzima. Zilizobaki ni Jumapili, siku za gereji, na wiki mbili ambazo dereva alikuwa msibani. Mara 30,000, tunapata 7,500,000. Kisha matumizi: matairi, bima, leseni, sevisi, na breki, maana barabara ile ni milima na mvua za Rungwe hazina simile. Risiti zilizopatikana pamoja na alizokumbuka zilifika 3,900,000. Imebaki 3,600,000.

Sasa rejesho. Kwa mwaka alilipa chama kama 4,338,000, kwa hiyo gari lilimpungukia kama 738,000 na pengo hilo aliziba kwa mshahara. Mwenyewe alilijua kwa mbali, akajifariji: mkopo ukiisha, gari litakuwa langu lote. Hoja hiyo si ya kupuuza. Katika rejesho, sehemu inayopunguza deni si gharama. Hela imetoka mfukoni lakini deni nalo limeshuka. Mwaka ule wa kwanza sehemu hiyo ilikuwa kama 2,760,000. Iliyoliwa moja kwa moja ni riba, kama 1,580,000.

Kwa hiyo tunaondoa ile 2,760,000 kwenye gharama. Lakini tukifanya hivyo lazima tuingize kitu ambacho hakina risiti: gari limeshuka bei kwa 3,500,000. Hesabu kamili ni 7,500,000, toa matumizi 3,900,000, toa uchakavu 3,500,000, toa riba 1,580,000. Hasara 1,480,000. Deni lilishuka, lakini gari lilishuka zaidi.

Sisemi Noah zote ni hasara. Mwenye gari aliyenunua taslimu asingekuwa na riba, na angebaki na faida ya laki moja, kwa mwaka, kwa milioni 18 alizoweka. Ajiulize mwenyewe.

Dhana: Nyumba unayoishi si mali, ni deni

Siku hizi usemi huu uko kila semina. Si kweli. Deni ni kitu unachodaiwa na mtu, na shemeji hadaiwi na mtu kwa nyumba yake. Ni mali. Isitoshe, nyumba kama hiyo Uyole angepanga kwa kama 150,000 kwa mwezi, kwa hiyo inamwokolea 1,800,000 kwa mwaka kabla ya ukarabati.

Kilicho kweli ni kwamba haileti senti mkononi, na huwezi kuuza sebule ukalipa ada. Tuliiweka kwenye kundi lake: mali za kutumia.

Dhana: Kisichoingiza leo kinakula tu

Shamba la Rungwe lina miche 80 ya parachichi, mwaka wa pili. Limechukua 900,000 za palizi, mbolea na mlinzi, halijatoa hata tunda. Miche ya kubebesha huanza kuzaa kidogo kuanzia mwaka wa tatu hivi, na mavuno ya maana huchelewa zaidi ya hapo. Tofauti na Noah, kila mwaka unaopita unalisogeza shamba kwenye mapato badala ya kuliondolea thamani, mradi miche ilishika. Kwa hiyo pembeni yake tuliandika mwaka linapotarajiwa kuanza kulipa. Kiwanja cha Mbalizi hatukuweza kukiandikia mwaka wowote. Kinakaa tu, na bei yake ni maneno ya dalali mpaka mtu atoe fedha.

Vyumba vya uani ndivyo pekee vilivyobaki na kitu. Vinne kwa 40,000 ni 1,920,000 kwa mwaka. Kimoja kilikaa wazi miezi mitatu, ikawa 1,800,000. Toa kodi ya pango ya asilimia 10, toa 220,000 za rangi na bomba, inabaki 1,400,000.

Tukajumlisha safu mpya: vyumba vimeleta 1,400,000, Noah imekula 1,480,000, shamba 900,000. Mali za milioni 111 na nusu zimemtoa mwalimu 980,000 kwa mwaka.

Akiiuza Noah kwa 14,500,000 na kumaliza mkopo, atabaki na 7,260,000, kama chumba kimoja cha uani na chenji. Aliiangalia ile namba muda mrefu, kisha akampigia dereva kumuuliza breki za mbele zina hali gani.